Kadi ya Nne Isifike Benki

Kifaa kimoja kikijaribu kadi 4 tofauti ndani ya dakika 10 kwenye duka lako la mtandaoni, kadi ya 4 isifike benki. Isimamishwe hapo hapo. Sharti hilo ni kazi ya siku moja kwa fundi yeyote aliyeweza kuunganisha duka na kampuni ya malipo. Halihitaji mashine ya gharama wala mtaalamu wa kuletwa kutoka mbali. Bado maduka yanafunguliwa bila sharti hilo, kisha mwenye duka anashangaa taarifa za malipo kupingwa zinapoanza kuingia.

Fikiria ungefanyaje gengeni. Mtu anakuja kununua kiberiti, anatoa noti, unaikagua na kuikataa. Anatoa nyingine, unaikataa. Anatoa ya tatu, na unaona ana rundo zima mkononi. Hungeendelea kupokea noti moja moja hadi ya 200 ukingoja moja ipite. Ungemwambia aondoke. Mtandaoni tunazipokea zote 200, na ikipita moja tunaiandika kuwa mauzo.

Tueleze wazi kinachofanyika. Mwizi ana orodha ya namba za kadi. Baadhi zimeibwa kwenye mifumo iliyodukuliwa na kuuzwa kwa jumla. Nyingine amezitunga kwa programu, na kutunga si kazi kubwa kama inavyosikika. Tarakimu 6 au 8 za mwanzo zinaitambulisha benki iliyotoa kadi, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu iliyobuniwa miaka ya 1950 na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM. Programu ikipewa mwanzo wa namba za benki fulani, itatoa maelfu ya namba zenye sura sahihi. Asichokijua mwizi ni ipi kati ya hizo iko hai: ina mwenyewe, haijafungwa, haijaisha muda, na ina fedha.

Ili ajue, inabidi anunue kitu. Ndiyo maana anatafuta duka lenye bidhaa ya bei ndogo. Kiasi kidogo hakimshtui mwenye kadi anapopitia matumizi yake, hakigongi kikomo cha siku, na mara nyingi benki yenyewe haitilii shaka. Mzigo hautaki. Anwani ya kupelekewa anaweza kuandika herufi zozote. Akishajua kadi iko hai ataiuza kwa bei ya juu zaidi, au ataitumia kwingine kununua simu na tiketi za ndege. Kurasa za kuchangia misaada nazo wanazipenda sana, kwa sababu mchangiaji hujipangia kiasi mwenyewe na hakuna mzigo wa kusafirisha.

Sasa tuzisikilize sababu zinazotolewa. Ya kwanza: "Duka letu dogo, nani atatuona?" Anayekuona ni programu inayozunguka mtandaoni ikitafuta ukurasa wa malipo usio na kikomo. Haiangalii unauza kiasi gani. Kwa kweli duka dogo linamfaa mwizi zaidi, kwa kuwa hakuna anayetazama kumbukumbu zake usiku.

Ya pili ndiyo inayopendwa kuliko zote: "Hilo ni jukumu la benki." Benki ina jukumu lake, lakini tazama inachokiona. Kadi 200 zilizojaribiwa zinaweza kuwa za benki 60 za nchi mbalimbali. Kila benki inaona jaribio moja, labda matatu, la shilingi chache, na kwa upande wake si jambo la ajabu. Wewe ndiye unayeona kwamba zote 200 zimetoka kwenye kifaa kimoja, zimenunua kitu kile kile, moja baada ya nyingine. Kampuni inayokuunganishia malipo inaweza kuona sehemu ya picha hiyo, na baadhi yao zina ulinzi wao. Lakini kifaa kiko kwenye ukurasa wako, na usipokitambulisha wewe, pengine hakuna mwingine atakayekitambua.

Tuchukue mfano tuufuate hatua kwa hatua. Namba tunazitunga ili hesabu ieleweke, lakini mwenendo wenyewe ni huo huo unaoonekana kwenye mashambulizi ya aina hii. Duka la viungo la Unguja linauza karafuu, mdalasini na iliki kwa wateja wa ndani na wa nje, na linapokea Visa na Mastercard. Kwa siku ya kawaida linapata majaribio 40 ya malipo. Katika hayo, 5 hukataliwa: mtu amekosea tarehe, salio halitoshi, au benki imesita. Bidhaa ya bei ya chini kabisa ni pakiti ya iliki ya shilingi 3,000.

Usiku mmoja, kuanzia saa 8:14 hadi saa 8:52, yanaingia majaribio 212. Hiyo ni jaribio moja kila baada ya sekunde 11 hivi, kwa dakika 38 mfululizo. Kila jaribio lina kadi yake. Yote yanataka pakiti moja ya iliki. Majina ya wateja yanabadilika lakini barua pepe zinafanana umbo, herufi chache na namba inayopanda. Majaribio 203 yanakataliwa na 9 yanapita.

Asubuhi mwenye duka anafungua orodha ya oda. Anaona oda 9 mpya za iliki. Anafurahi, anafunga mzigo. Yale 203 hayaoni, kwa sababu ukurasa anaoufungua kila siku unaonyesha oda zilizolipwa tu. Hapa ndipo tatizo lote lilipo. Ushahidi umeandikwa, tena kwa urefu, lakini umeandikwa kwenye ukurasa ambao hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuusoma.

Kuna kitu kingine kidogo kinachowapoteza watu. Mifumo mingi huandika muda kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 3. Saa 8:14 usiku inaandikwa 23:14, tena kwa tarehe ya jana. Anayesoma haraka anadhani ni pilikapilika za saa 5 usiku, muda ambao watu bado wako macho na simu zao, na anapita. Kabla ya kusoma kumbukumbu yoyote, hakikisha unajua saa yake ni ya wapi.

Hasara haiji siku hiyo. Kwa kadi za Visa na Mastercard, mwenye kadi kwa kawaida ana hadi siku 120 kupinga malipo asiyoyafanya. Tuseme katika wale 9, wenye kadi 6 wanagundua na kupinga. Duka linarudisha shilingi 3,000 kwa kila mmoja, na kampuni ya malipo inatoza ada kwa kila pingamizi. Ada hutofautiana, tuchukue shilingi 40,000. Hapo zimeshaondoka shilingi 258,000. Mikataba mingine hutoza pia kila jaribio linalopelekwa benki, lipite lisipite. Kwa shilingi 200 kila moja, majaribio 212 ni shilingi 42,400. Jumla ni shilingi 300,400, kwa mauzo yaliyoonekana kuwa shilingi 27,000. Na iliki imeshaondoka.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye ankara. Benki zinazotoa kadi zikiona duka lako linaleta malipo mengi yanayokataliwa au kupingwa, zinaanza kulitilia shaka. Mteja halali wa kesho kutwa anakataliwa bila kuelezwa sababu, naye anaondoka akiamini duka ndilo bovu. Mapingamizi yakizidi, Visa na Mastercard zina taratibu za kuwafuatilia wafanyabiashara wa namna hiyo, na kampuni ya malipo inaweza kukufungia huduma.

Sasa rudisha usiku ule ule, ukiweka lile sharti. Kadi ya kwanza inaingia saa 8:14. Ya pili inafuata baada ya sekunde 11, na ya tatu baada ya nyingine 11. Ya nne inakuja kwenye sekunde ya 33 au karibu na hapo, na inagonga ukuta. Badala ya majaribio 212, benki zimeona 3. Mwizi amekaa dukani kwako nusu dakika.

Zingatia tulichokihesabu. Hatukuhesabu oda. Tumehesabu kadi tofauti zilizojaribiwa, na tumezihesabu hata zilizokataliwa. Maduka yanayodai kwamba "tuliweka kikomo kikatufukuzia wateja" mara nyingi yalihesabu kitu kisicho chenyewe.

Chukua kijana wa Kizanzibari anayefanya kazi Maskati. Siku chache kabla ya Idi anaingia kwenye duka lile lile na kuagiza zawadi kwa shangazi, mama wadogo na jirani aliyemlea. Oda 8 ndogo, anwani 8, nusu saa, kifaa kimoja, tena kifaa kilicho nje ya nchi. Ukihesabu oda, huyu ni mtuhumiwa wa kwanza. Ukihesabu kadi, ana moja. Malipo yake yote yamepita, au moja limekwama akarudia kwa kadi ile ile. Sharti la kadi 4 halimgusi kabisa, na ndivyo inavyotakiwa, maana huyo ndiye mteja bora wa mwezi.

Mchukue pia mama wa kikundi cha kuweka na kukopa anayewaagizia wenzake kwa simu yake, kila mmoja akimpa kadi yake. Hapo kadi ni nyingi kweli. Lakini mtu anayesoma namba kwenye kadi ya mwenzake na kuiandika kwenye simu hamalizi kwa sekunde 11. Anaandika, anakosea, anauliza tarehe, anangoja mwenye kadi aletewe namba ya uthibitisho kwa SMS. Kadi 4 ndani ya dakika 10 ni nadra kwake, na akifika huko, ujumbe wa heshima wenye namba ya simu ya duka utamsaidia. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba kadi za kikundi zinapita karibu zote. Za mwizi zinakataliwa karibu zote: katika mfano wetu, 203 kati ya 212, yaani asilimia 96. Siku ya kawaida ilikuwa 5 kati ya 40, yaani asilimia 12 na nusu.

Kwa hiyo viangalie vitu vitatu kwa pamoja: kadi tofauti kwa kila kifaa, sehemu iliyokataliwa, na muda ambao yote hayo yametokea. Kimoja peke yake kinaweza kumwonea mtu. Vikikutana vyote vitatu, huna sababu ya kusitasita.

Kifaa utakitambuaje? Njia ya kawaida ni duka kukipa kila kifaa kuki yenye namba ya kubahatisha mara ya kwanza kinapofika. Kampuni nyingi za malipo na za ulinzi hutoa pia alama ya kifaa, inayotokana na mambo kama aina ya kivinjari, ukubwa wa kioo, lugha na majira ya saa. Anwani ya IP isaidie tu, isiwe hakimu. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, na ukifunga anwani hiyo unaweza kuwa umefungia mtaa mzima. Ofisi, hosteli ya chuo na kafe ya intaneti nazo hutoka kwa anwani moja.

Kadi utazihesabuje bila kuhifadhi namba zake? Kampuni nyingi za malipo hukupa alama isiyobadilika kwa kila kadi, ambayo haisomeki kuwa namba yenyewe. Hesabu hizo. Kama hupewi, tarakimu 6 za mwanzo na 4 za mwisho zinatosha kwa kazi hii. Namba nzima usiiandike kwenye kumbukumbu zako, na tarakimu 3 za nyuma ya kadi haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya malipo kuidhinishwa, hata kwa siri. Kumbuka pia kwamba alama ya kifaa ni taarifa ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Itumie kwa ulinzi tu, waeleze wateja kwamba unafanya hivyo, na uifute ikishamaliza kazi.

Mahali pa kuweka sharti ni muhimu kuliko idadi yenyewe. Liwekwe kwenye seva, hatua moja kabla ya ombi la malipo kupelekwa kwa kampuni ya malipo. Mafundi wengine huzima kitufe cha "Lipa" baada ya majaribio 3 na kuona wamemaliza. Programu ya mwizi haibonyezi kitufe. Inatuma ombi moja kwa moja kwenye seva, na kitufe chako kilichozimwa haikijui. Kosa jingine la namna hiyo ni kulinda ukurasa wa malipo na kusahau ukurasa wa "ongeza kadi" kwenye akaunti ya mteja. Pale kadi huhakikiwa kwa kiasi kidogo sana au kwa sifuri, na mwizi anapata jibu analolitaka bila kununua chochote. Hesabu iwe moja kwa milango yote miwili.

Ujumbe unaotoka ukurasa unapokataa nao urekebishwe. Kuna maduka yanayomwambia mteja kwa ukarimu kwamba "tarehe ya kadi si sahihi" au "tarakimu za nyuma zimekosewa". Kwa mwizi, hayo ni maelekezo. Anajua namba iko hai, abadilishe tarehe ajaribu tena. Sema "Malipo hayakukamilika. Hakiki taarifa za kadi yako au tupigie," uweke namba ya simu inayopokelewa. Sababu halisi ibaki kwenye kumbukumbu zako, kwa ajili yako na fundi wako.

Hatudai kwamba sharti hili linamaliza kila kitu. Mwizi akizuiwa atafuta kuki na kurudi akionekana kifaa kipya. Wenye zana nzuri hubadilisha anwani ya IP kwa kila jaribio na kuigiza vivinjari tofauti. Wengine hupunguza mwendo: badala ya kila sekunde 11, kila dakika 20, usiku kucha. Lakini kila hila kati ya hizo inaacha dalili yake.

Anayefuta kuki kila mara analeta msururu wa vifaa vipya ambavyo havijafungua ukurasa wa bidhaa hata mmoja, vimeingia moja kwa moja kwenye malipo. Mteja wa kweli hutazama, hulinganisha, hurudi nyuma. Kifaa kisicho na historia yoyote kwenye duka kiwekewe kikomo kikali zaidi, au kidaiwe uthibitisho kwanza. Anayebadilisha IP bado ananunua pakiti ile ile ya iliki, na mara nyingi kadi zake zina tarakimu 6 za mwanzo zilezile, kwa sababu ametunga namba za benki moja. Ukiona kadi 15 za benki moja ya nchi ambayo hujawahi kuiuzia zikinunua bidhaa moja usiku mmoja, huhitaji kujua zimetoka kwenye vifaa vingapi.

Na kwa anayeyatawanya majaribio yake kwenye vifaa na anwani nyingi, weka hesabu ya duka zima. Kama kawaida yako ni kukataliwa asilimia 12 na sasa, katika majaribio 20 ya mwisho, 14 yamekataliwa, yaani asilimia 70, duka lijibadilishe lenyewe. Lidai uthibitisho wa 3-D Secure kwa kila malipo, ule unaompeleka mwenye kadi kwenye benki yake aweke namba aliyotumiwa kwenye simu, na litume SMS kwa mwenye duka. Mteja halali atachelewa dakika moja. Mwenye orodha ya namba za wizi hana simu za wenyewe, na kwake mlango umefungwa. Hali ikitulia kwa saa moja, duka lirudi kama lilivyokuwa.

Kuna wanaouliza kwa nini wasidai 3-D Secure kila wakati waishie hapo. Wanaoweza wafanye hivyo. Ni kinga nzuri, na malipo yaliyothibitishwa yakipingwa kwa madai ya wizi, hasara mara nyingi huhamia benki iliyotoa kadi. Lakini si kila kadi duniani imeunganishwa vizuri na utaratibu huo, SMS huchelewa, na mteja aliye safarini hukwama. Pia kuna maduka ambayo majaribio bado yanatumwa na kutozwa kabla uthibitisho haujakamilika. Kikomo cha kadi kwa kifaa kiwepo hata hapo. Ndicho kinachozuia mafuriko yasifike mlangoni kwa benki.

Idadi tuliyoitaja, kadi 3 ndani ya dakika 10 na ya 4 kuzuiwa, ni ya kuanzia. Ongeza ya pili inayoangalia siku nzima, kwa mfano kadi 6 kwa kifaa ndani ya saa 24, ili kumnasa anayejaribu kwa mwendo wa kobe kwenye kifaa kimoja. Halafu zipime kwa duka lako. Chukua kumbukumbu za siku 90 zilizopita, tafuta kila kifaa ambacho kingezuiwa, na uzisome oda hizo moja moja. Ukikuta watu wanaojulikana, legeza. Ukikuta barua pepe zenye namba zinazopanda, umeshajua kwamba mlishatembelewa. Baada ya hapo endesha sharti kwa wiki moja likiandika tu bila kuzuia, kisha liwashe. Hakuna haja ya kubishana ofisini kama wateja watakasirika, wakati jibu liko kwenye kumbukumbu zenu wenyewe.

Kama umeshavamiwa, kazi ni ya siku hiyo hiyo. Usisafirishe mzigo wa oda zilizopita katika kipindi hicho. Malipo ambayo yameidhinishwa lakini fedha hazijachukuliwa, yafute. Yaliyokwisha kuchukuliwa, yarudishe yote bila kungoja mtu alalamike. Katika mfano wetu, kurudisha 9 ni shilingi 27,000, na hata ukipoteza ada ya muamala bado ni nafuu kubwa kuliko 258,000 za mapingamizi. Mwenye kadi aliyeona fedha zake zimerudi mara nyingi hana tena cha kupinga. Kisha iandikie kampuni ya malipo: muda, idadi ya majaribio, alama za vifaa, tarakimu za mwanzo za kadi. Wao wanaweza kuzuia kwa upande wao na kuziarifu benki, na barua hiyo itakutetea baadaye ukiulizwa ulifanya nini.

Wapo wanaoona soni kurudisha fedha ambazo "mteja" hajazidai. Fedha hizo ni za mtu aliyeibiwa. Yuko mahali fulani na hajui. Duka lililoona kumbukumbu za majaribio 212 na likazibakisha fedha kwa kuwa hakuna aliyelalamika linashiriki katika wizi huo, hata kama halikuuanzisha.

Tunazo pia kauli mbili kwa wengine. Kampuni za malipo zinazowauzia wafanyabiashara wetu huduma zao zianze kuwaonyesha majaribio yaliyokataliwa kwenye ukurasa wa kwanza, pembeni mwa mauzo, na kikomo cha kadi kwa kifaa kiwe kimewashwa tangu siku duka linapounganishwa. Anayetaka kukizima akizime kwa kutia saini. Nao mafundi wanaojenga maduka haya wasikabidhi kazi kabla hawajajaribu wenyewe kadi 4 za majaribio mfululizo mbele ya mteja wao, naye akaona ya 4 inakataliwa.

Na wewe mwenye duka, leo kabla hujafunga hesabu, mwombe fundi wako namba moja tu: wiki iliyopita, kifaa kilichojaribu kadi nyingi kuliko vingine kilijaribu ngapi? Akikujibu 2, endelea na kazi yako. Akikujibu 40, rudisha fedha za watu na funga mlango usiku huu huu. Akikujibu kwamba mfumo wenu hauwezi kujua, basi hiyo ndiyo kazi yake ya kesho asubuhi, kabla ya rangi mpya za ukurasa na kabla ya tangazo la punguzo la mwisho wa mwezi.